Kabla Umkate Mshahara, Nionyeshe Hesabu ya Saa Saba

Wasee wa Nakuru, hebu tuongee kitu ambacho kila mtu anakijua na watu wananyamazia. Mwisho wa mwezi ukifika, kuna dada ama kijana amekaa nyuma ya kidirisha cha M-Pesa kule Kaptembwa, Rhonda, Free Area ama Pipeline. Amefungua duka saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku, mwezi mzima. Siku ya malipo bosi anamwambia, "Mwezi huu ulikuwa na shoti ya elfu tano, kwa hivyo chukua hii." Hiyo "hii" ni kama nusu ya mshahara. Ukiuliza shoti ilitokea siku gani, bosi hajui. Ukiuliza ni muamala gani, anakasirika.

Msimamo wangu ni huu, na mabosi mnaweza kuninunia: kama hukuhesabu pesa pamoja na mfanyakazi wako asubuhi, saa saba mchana na jioni, huna haki ya kumkata hata shilingi mia. Sisemi hivyo kwa huruma. Nasema hivyo kwa sababu hesabu ya kibanda cha M-Pesa ni rahisi kuliko biashara karibu zote za mtaa, na anayesema hajui pesa ilipotelea wapi, mara nyingi hakutaka kujua.

Nimekaa kwa kaunta ya shangazi yangu vya kutosha kujua vile inaenda. Wacha nieleze kwa wale ambao wanaona tu mtu akibonyeza simu.

Duka la M-Pesa liko na marundo mawili ya pesa. Rundo la kwanza liko kwa simu, hiyo ndiyo floti. Rundo la pili liko kwa droo, hiyo ni keshi. Mteja akija kuweka elfu mbili, anakupa noti, wewe unamtumia kutoka kwa simu. Keshi imepanda elfu mbili, floti imeshuka elfu mbili. Mteja akija kutoa elfu mbili inakuwa kinyume: floti inapanda, droo inashuka. Angalia vizuri hapo. Ukijumlisha marundo yote mawili, jumla haijasonga hata shilingi moja. Ulianza asubuhi na elfu themanini, utamaliza jioni na elfu themanini, hata kama umehudumia watu mia mbili katikati.

Hiyo jumla ndiyo siri yote ya kazi hii. Duka la nguo haliwezi kukuambia hivyo, kwa sababu pale bei inapandishwa na kushushwa na mteja anaomba apunguziwe. Kibanda cha M-Pesa kiko na namba moja tu ya kuangalia, na hiyo namba haifai kubadilika mpaka mtu aongeze mtaji ama achukue pesa. Kama imebadilika, kuna kitu kimetokea na kina saa yake.

"Na faida je?" Nimeulizwa hiyo mara nyingi. Faida haiingii kwa hayo marundo unapofanya kazi. Komisheni inahesabiwa na kampuni, inakaa pembeni, inakuja baadaye. Mteja akiweka pesa halipi kitu, lakini wakala bado anapata kitu kidogo kutoka kwa kampuni. Mteja akitoa, anakatwa ada kwa akaunti yake mwenyewe, na wakala anapata kipande tu cha hiyo ada. Kwa hivyo ukiona jioni jumla yako imezidi, usifurahie. Hiyo si faida, hiyo ni pesa ya mtu. Labda kuna mteja alikupa elfu tatu ukamwekea elfu mbili, na kesho atarudi akiwa na hasira na meseji mkononi. Andika iliyozidi vile vile unavyoandika iliyopungua.

Sasa tuone komisheni ni ndogo kiasi gani ukiilinganisha na shoti. Tangu 2023, mteja akitoa kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala, anakatwa shilingi 29. Tuseme, kwa kuota tu, kwamba hizo 29 zote zingeenda kwa duka. Kurudisha shoti ya 3,500 ungehitaji watu 121 waje kutoa pesa. Na hazipati zote, kwa hivyo ni watu wengi zaidi ya hao. Kwa kibanda kidogo cha mtaa hizo ni siku kadhaa za kukaa hapo. Ndiyo sababu mabosi wanapaniki wakiona shoti, na hapo nawaelewa kabisa. Pesa ya shoti inatoka kwa mtaji, na mtaji hauponi haraka kwa shilingi kumi kumi. Lakini kupaniki hakukupi ruhusa ya kubahatisha nani alipe.

Kuna rundo la tatu ambalo linachanganya watu, nalo ni kredo. Kredo inafanya kazi tofauti kabisa. Unainunua kwa bei ya chini na kuiuza kwa bei iliyoandikwa. Tuseme umepata kadi za elfu moja kwa 950. Ukiuza zote, droo imeongezeka shilingi hamsini ambazo ni faida ya ukweli, palepale. Ukichanganya hizo pesa na keshi ya M-Pesa, jumla yako ya elfu themanini inaanza kucheza. Leo imezidi arobaini, kesho imepungua mia tisa hamsini kwa sababu mtu wa kadi amepita na boda na kulipwa kutoka kwa droo. Baada ya wiki moja hakuna mtu anaweza kukuambia kama shoti ni ya ukweli ama ni kadi ziko kwa mkebe. Shangazi aliweka mkebe wa maziwa ya unga kando ya droo. Kadi zinakaa humo, pesa za kadi zinaingia humo, na mtu wa kadi analipwa kutoka humo. Mkebe una hesabu yake mwenyewe: kadi zilizobaki kwa bei uliyonunulia, ongeza pesa zilizo ndani. Ni mkebe tu, lakini umezuia ugomvi mwingi kwa hiyo familia.

Sasa hapa ndipo Nakuru inaingia, kwa sababu floti haina tabia moja kila mahali. Kibanda kilicho karibu na soko la Wakulima kinapata wauzaji wenye noti mkononi. Wameuza viazi na kabeji tangu alfajiri, na kufika mchana wanataka kuweka pesa kwa simu kabla ya kupanda matatu kurudi Njoro, Molo ama Bahati. Hapo floti inakauka na droo inafura. Kibanda kilicho ndani ya Kaptembwa mwisho wa mwezi ni kinyume. Mishahara imeingia kwa simu, watu wanatoa ya rent na ya duka, droo inakauka na floti inafura. Naivasha, kule Karagita wanakokaa wafanyakazi wengi wa maua, wakilipwa utaona laini ya watu wanaotaka noti. Njoro karibu na Egerton inategemea wazazi wametuma lini na muhula umeanza lini.

Kwa nini hiyo ni muhimu kwa mambo ya shoti? Kwa sababu duka likikauka upande mmoja, lazima mtu abebe pesa. Floti ikiisha, mtu anachukua keshi kutoka kwa droo, anaenda benki, anainunulia floti. Keshi ikiisha, floti inapelekwa benki na mtu anarudi na noti. Ama mnabadilishana na kibanda cha jirani, wewe unampa keshi yeye anakupa floti. Mabosi wengi wanafanya hiyo safari wenyewe, na hiyo safari ndiyo wakati pesa haiko kwa simu na haiko kwa droo. Iko njiani. Ukihesabu marundo mawili wakati elfu ishirini iko kwa mfuko wa bosi kwenye foleni ya benki, utapata shoti ya elfu ishirini. Akirudi na floti ya elfu kumi na tisa kwa sababu alipitia mahali akanunua kitu, una shoti ya elfu moja ambayo mfanyakazi hakuigusa. Nimeona hiyo kitu na macho yangu. Kwa hivyo kila pesa inayotoka kwa kibanda inaandikwa inapotoka: saa, kiasi, imeenda wapi, nani ameichukua, na anaweka sahihi. Hata kama ni mwenye duka. Hasa kama ni mwenye duka.

Acha niwape kisa kimoja kwa namba. Kuna dada nilimsaidia kupiga hesabu, kibanda si cha ukoo wetu na sitasema ni cha nani. Asubuhi alianza na floti 45,000 na keshi 35,000. Jumla 80,000. Jioni simu ilisoma 58,500 na droo ilikuwa na 18,000. Jumla 76,500. Shoti 3,500. Bosi akasema itakatwa. Dada akalia, kwa sababu ilikuwa mara ya tatu mwezi huo.

Kitu cha kwanza tulifanya ni kuuliza shoti iko upande gani. Tukajumlisha kitabu. Waliokuja kuweka, jumla yao ilikuwa 38,400. Waliokuja kutoa, jumla yao 51,900. Floti ilipaswa kuwa 45,000, toa 38,400, ongeza 51,900. Hiyo ni 58,500, na simu ilisoma hivyo hivyo. Keshi ilipaswa kuwa 35,000, ongeza 38,400, toa 51,900. Hiyo ni 21,500, lakini droo ilikuwa na 18,000. Kwa hivyo simu na kitabu vilikubaliana. Kilichopotea ni noti, na zilipotea kwa droo.

Kitu cha pili kilikuwa kuuliza saa. Huyu dada alikuwa na akili, alikuwa amehesabu saa saba mchana peke yake na kuandika pembeni ya ukurasa: simu hii, droo hii, jumla 80,000. Ile alama ndogo ya kalamu ilifuta nusu ya siku. Chochote kilichotokea, kilitokea baada ya saa saba. Baada ya saa saba kulikuwa na miamala kumi na moja tu. Hakuna hata mmoja wa 3,500, kwa hivyo haikuwa mtu aliyelipwa mara mbili ama aliyewekewa pesa bila kutoa noti. Tukaangalia kama kuna mtu alizidishiwa noti. Waliotoa pesa hiyo mchana wote walitoa kiasi kidogo, na kumzidishia mtu 3,500 juu ya kutoa mia nane ni kitu ungekiona hata ukiwa na usingizi.

Basi tukauliza nani mwingine alifungua droo. Saa tisa mtu wa kadi alipita, akaacha kadi na kulipwa 1,500 kutoka kwa droo. Kadi zilikuwa pale pale chini ya kaunta, hazijahesabiwa. Hiyo 1,500 haikupotea, ilibadilika ikawa kredo. Na saa kumi bosi mwenyewe alisimama na gari nje, akanyosha mkono dirishani, akachukua 2,000 ya mafuta. Alikumbuka tulipomuuliza. Alisema, "Lakini hiyo ni pesa yangu."

Ni pesa yako, bosi, ni kweli. Lakini hukuiandika, na ulikuwa karibu kumlipisha mtu mwingine mafuta ya gari lako. Zile shoti mbili za awali hakuna mtu atajua zilikuwa nini, kwa sababu siku hizo hakukuwa na hesabu ya saa saba. Zilishakatwa.

Kisa hicho kilikuwa rahisi kwa sababu simu na kitabu vilikubaliana. Lakini kuna mtego hapo, na wale wanaofanya hii kazi wausikie vizuri. Ukiwa unaandika kitabu kwa kunakili kiasi kutoka kwa meseji, kitabu kitakubaliana na simu kila siku, hata siku umefanya kosa kubwa. Mteja amekupa 1,500, umebonyeza 15,000, meseji inasema 15,000, unaandika 15,000. Kitabu kiko sawa na simu, na droo imepungua 13,500. Utatafuta mwizi na hakuna mwizi. Dawa yake ni kuandika kiasi kabla ya kubonyeza. Hesabu noti, mtajie mteja kwa sauti, andika, ndiyo ubonyeze. Kodi ya muamala utaijaza baadaye meseji ikiingia. Ukifanya hivyo, kitabu kinakuwa shahidi wa noti na simu inakuwa shahidi wa vidole vyako, na wawili hao wakikosana unajua palepale.

Kumbuka pia ni nani anabonyeza. Mteja akitoa pesa, yeye ndiye anaandika namba ya wakala, kiasi na pini yake. Wewe unangoja meseji yako na kuhesabu noti. Mteja akiweka, wewe ndiye unabonyeza namba yake na kiasi. Kwa hivyo makosa ya vidole yanakaa upande wa kuweka. Upande wa kutoa unakaa makosa ya kuhesabu noti, na matapeli wenye meseji feki. Ile meseji ya mteja haina maana yoyote kwako, hata kama imeandikwa Confirmed na ina jina la duka lako. Angalia meseji iliyoingia kwa simu ya duka, na ukiwa na shaka angalia salio la floti. Kama floti haijapanda, noti zinabaki kwa droo, hata mteja akikuambia mtandao uko chini na gari linamwacha.

Kuna ujanja mmoja wa wahasibu wa zamani ambao unafaa sana hapa. Chukua shoti yako uigawanye kwa tisa. Ikigawika bila kubaki, shuku namba zilizogeuzwa ama sifuri iliyozidi. Mtu amekupa 2,500 ukabonyeza 5,200: shoti ni 2,700, na 2,700 kugawa kwa tisa ni 300. Ile ya sifuri, 13,500 kugawa kwa tisa inakupa 1,500, ambayo ni kiasi halisi mteja alikupa, unaenda moja kwa moja kumtafuta kwa kitabu. Si uchawi, na pia si ushahidi, kwa sababu namba moja kati ya kila tisa itagawika tu yenyewe. Inakuambia pa kuanzia kuangalia, basi. Ukimpata mapema na pesa hajaitoa, unapiga simu kampuni na muamala unaweza kuzuiwa. Ukimpata kesho, ameshatumia. Hapo tena unaona faida ya saa saba: kosa la saa nne asubuhi ukiligundua mchana uko na nafasi, ukiligundua saa mbili usiku umechelewa.

Sasa twende kwa sheria, kwa sababu mabosi wengi wanadhani kukata ni haki yao ya kuzaliwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata pesa zilizopungua. Ndiyo, inaruhusu. Lakini soma inavyosema. Pesa ziwe zimepungua kwa uzembe ama udanganyifu wa huyo mfanyakazi, na mkataba wake uwe unasema wazi kwamba kazi yake ni kupokea, kutunza na kulipa pesa. Haisemi pesa zikipungua tu. Uzembe wake ama udanganyifu wake. Utaonyeshaje ni uzembe wake kama hujui siku, saa, wala muamala? Na kama droo inafunguliwa na watu watatu, yeye, wewe na mdogo wako anayekuja kukaa akienda lunchi, utasemaje ni yeye? Kifungu hicho hicho kinasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Na kifungu cha 9 kinataka kazi ya miezi mitatu na zaidi iwe na mkataba wa kuandikwa. Nikiuliza wasichana wa vibanda ninaowajua kama wana mkataba, wananicheka.

Kwa hivyo kama unaanza kazi kwa kibanda wiki ijayo, kabla ya kuuliza mshahara ni ngapi, uliza funguo za droo ziko na watu wangapi. Kama mna zamu mbili, yule anayetoka na yule anayeingia wahesabu pamoja na kuweka sahihi zote mbili, ama shoti ya wa asubuhi itamlalia wa jioni. Asubuhi usikubali kuambiwa "kuna elfu themanini hapo." Hesabu noti mbele yake, fungua simu usome salio, muandike namba mbili na jumla, wote wawili muweke sahihi. Bosi akiwa mbali, na wengine wako Nairobi, piga ukurasa picha umtumie kwa WhatsApp wakati huo huo. Picha ina saa yake. Kama anakataa kabisa kuhesabu na wewe, hesabu peke yako na utume bado. Ukifikishwa kwa afisa wa kazi na mwenzako ana maneno na wewe una picha za siku ishirini na sita, mazungumzo yanakuwa tofauti.

Najua mabosi mtaniambia wafanyakazi pia wanaiba. Ni kweli, wengine wanaiba, na wengine wanakopesha marafiki floti asubuhi wakitumaini itarudi jioni. Wengine wanagawanya muamala mmoja wa kuweka kuwa mitatu ili komisheni iongezeke, kwa sababu komisheni inaenda kwa vidato na si kwa asilimia. Kampuni inakataza hiyo, ikiiona inarudisha komisheni yake, na duka ndilo linaumia. Hiyo ya kugawanya hata hesabu ya saa saba haitaionyesha, kwa sababu jumla inabaki sawa. Itaonekana ukisoma kitabu: namba moja ya simu, mara tatu, ndani ya dakika mbili. Hata ile ya kukopesha floti, mkopo uliotoka saa tatu na kurudi saa kumi na mbili utaonekana saa saba na hautaonekana jioni. Bosi anayehesabu mara moja tu usiku ndiye anaibiwa kirahisi zaidi, na ndiye anayepiga kelele zaidi siku ya malipo.

Na muda? Hesabu ya saa saba inachukua kama dakika tano. Panga noti kwa aina, elfu na elfu, mia tano na mia tano, sarafu kwa kikombe, soma simu, jumlisha, andika. Mteja akija katikati, mwambie angoje kidogo, ama umhudumie na uanze upya, lakini usihesabu nusu na kukisia iliyobaki. Ikipungua shilingi ishirini ama thelathini, hiyo ni chenji, iandikwe na maisha yaendelee. Mimi ningeweka kwenye mkataba kabisa kwamba chini ya shilingi mia ni ya duka, kwa sababu mtu anayekatwa shilingi ishirini atajifunza kutoa ishirini kwa mfuko wake ili namba ionekane safi, na kuanzia hapo kitabu chako kinakudanganya kila siku.

Yule dada bado yuko pale kwa kibanda. Bosi alinunua kitabu cha pili, kidogo, cha pesa zinazotoka. Mstari wa kwanza kabisa ni wake mwenyewe: saa kumi, 2,000, mafuta, na sahihi.